Shajara ya mradi: kukitafutia kikundi beberu asiye ndugu

3 Machi 2024

Mama Rehema kaniita nikamtazame mtamba wake wa mbuzi, Kipusa. Ana miezi kumi na minne na hajaonyesha joto hata siku moja, ila anawapanda wenzake bandani na shingo inanenepa kama ya dume. Nilipofika nilimkuta anakojoa, na mkojo ukaruka nyuma kwa juu badala ya kudondoka chini. Nikainua mkia. Tundu la uke ni dogo, limechongoka, na limeshuka mbali na njia ya haja kubwa kuliko kawaida. Ndani yake kuna kinyama kigumu cha ukubwa wa punje ya haragwe.

"Mwanangu, huyu ni nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni huntha, si jike kamili wala dume kamili, hatazaa wala hatakamuliwa. Alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu pumba aliyomlisha tangu azaliwe.

Kipusa ni wa nne kwenye kikundi chetu ndani ya miaka miwili. Watatu waliotangulia tuliwachukulia kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Wanne ni wengi mno kuwa bahati mbaya, kwa hiyo naanza shajara hii leo, na daftari la kuzaliwa la kikundi nimeondoka nalo.

Kwa atakayeisoma baadaye: tuko milimani Mgeta, mkoani Morogoro, kwenye mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norwe, uzao wa wale walioletwa huku na chuo cha Sokoine miaka ya 1980. Tuna majike 30 na beberu mmoja, Jabali, mweupe, hana pembe. Alifika kwetu mwaka 2020 na tangu hapo hakuna mwingine aliyepandisha. Yaani hakuna mwingine kwa ruhusa yetu, hilo nitalirudia.

17 Machi

Wiki mbili za kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Kwa kila kitoto nimetafuta vitu vitatu: mama yake nani, baba yake nani, na kama mama ana pembe au hana. Jambo la pembe hatukuwahi kuliandika, ila kwetu hakuna anayewachoma vitoto vichipukizi vya pembe, kwa hiyo nilichohitaji ni kuangalia kichwa tu. Kwenye kundi linalochoma, kazi hii ingekuwa ngumu zaidi, kwa sababu mbuzi aliyechomwa na mbuzi asiye na pembe kwa asili wanafanana ukiwatazama kwa haraka.

Vitoto 41 nimewapata wakiwa na habari kamili. Kumi na saba mama zao wana pembe: hakuna huntha hata mmoja. Ishirini na wanne mama zao hawana pembe, kama Jabali asivyo na pembe: humo ndimo wamo mahuntha wote wanne.

Jambo hili halikuanzia Mgeta. Mwaka 1944 mtafiti aitwaye Asdell alishaandika kwamba uhuntha wa mbuzi wa maziwa unafuatana na ukosefu wa pembe, na mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha penyewe mahali palipoharibika, kwenye kromosomu ya 1 ya mbuzi. Kosa moja kwenye vinasaba linafanya kazi mbili. Nakala moja ya kosa hilo inatosha kuzuia pembe zisiote, na mnyama anabaki mzima kabisa. Nakala mbili, moja toka kwa baba na moja toka kwa mama, zikimkuta mnyama ambaye angekuwa jike, maumbile yake ya uzazi yanapinda kuelekea udume. Dume mwenye nakala mbili anabaki dume, ingawa baadhi yao mirija ya mbegu huziba na wanakuwa wagumba.

Hesabu yake ni ya kufanya kwa vidole. Jabali tunajua ana nakala moja tu, kwa sababu amezaa vitoto wenye pembe kwa majike wenye pembe. Angekuwa na mbili, asingezaa mwenye pembe kamwe. Jike asiye na pembe na anayezaa naye ana nakala moja, maana mwenye mbili ndiye huntha. Wakikutana wenye nakala moja moja, robo ya vitoto wanapata mbili, na nusu ya robo hiyo ndio waliopaswa kuwa majike. Ni mmoja kwa wanane. Kwa vitoto 24 inatarajiwa watatu, sisi tumepata wanne. Na hapo pengine wamo wengine waliopinda kiasi cha kuonekana madume kabisa, tukawauza kwa nyama bila kujua.

Nilitaka kuhakikisha pia si ule uhuntha wa pacha, ambapo jike aliyekaa tumboni na ndugu dume anaharibiwa kupitia damu ya kondo la nyuma. Kwa mbuzi hutokea mara chache, na wa namna hiyo anaweza kuwa na pembe kama kawaida. Kipusa alizaliwa peke yake na hana pembe. Kwa hiyo ni la pembe.

Linaloniuma ni kwamba tumejitengenezea wenyewe. Mbuzi asiye na pembe havunji mbao za banda wala hatoboi wenzake, kwa hiyo kila mwanachama alipochagua mtamba wa kubakisha alichagua asiye na pembe. Mitamba hao wote ni mabinti wa Jabali, kisha tukawarudisha kwa Jabali.

7 Aprili

Kikao cha kikundi. Nilieleza la pembe, wakalielewa kwa haraka kuliko nilivyotegemea. Palipokwama ni kwenye udugu. Mzee wetu wa banda la juu akasimama: "Katibu, mnyama hana mkwe wala shemeji. Jabali atamjuaje binti yake?"

Nikamwambia, shikamoo mzee, Jabali hajui, ila damu inajua. Kisha nikachora ubaoni ukoo wa Mawingu.

Mawingu ni mtamba wa mwenyekiti. Baba yake ni Jabali. Mama yake ni Tausi, na baba yake Tausi ni Jabali pia. Nilionyesha namna ya kupata kiwango cha udugu cha kitoto: unatafuta babu wa pamoja, unafuata njia kutoka kwa baba wa kitoto kupita kwa babu huyo hadi kwa mama wa kitoto, unahesabu wanyama waliomo njiani pamoja na wazazi wenyewe, na kwa kila mnyama unakata nusu. Kwa Mawingu baba ni Jabali na mama ni Tausi, na babu wa pamoja ni Jabali mwenyewe. Njia ina wanyama wawili: Jabali, Tausi. Nusu ya nusu ni robo. Maana yake, kwenye kila sehemu ya vinasaba vya Mawingu kuna nafasi ya asilimia 25 kwamba nakala zake mbili ni nakala ileile moja ya Jabali iliyomfikia kwa njia mbili. Kama Jabali amebeba kosa lolote lililojificha, hapo ndipo linapopata mwenzake na kujitokeza.

Mwenyekiti akauliza: je, nikimpeleka Mawingu kwa Jabali? Hapo njia ni mbili. Jabali hadi Mawingu moja kwa moja, wanyama wawili, robo. Jabali, Tausi, Mawingu, wanyama watatu, moja ya nane. Jumla asilimia 37.5. Ukumbi ukatulia kidogo.

Halafu nikaulizwa swali lililonifurahisha kuliko yote: kama Mawingu ameshaharibika kwa robo, si tumchinje tu? Hapana. Kiwango cha udugu ni habari ya wazazi wa mnyama walivyohusiana, hakirithiwi kama rangi ya ngozi. Mawingu akipandishwa na beberu asiye ndugu yake kabisa, vitoto wake wanaanza na sifuri. Robo ya Mawingu inaishia kwa Mawingu.

Nilisoma pia uzito wa kuzaliwa. Mawingu alikuwa na kilo 1.9, na vitoto wengine sita wa Jabali na mabinti zake wako kati ya 1.8 na 2.3. Wale ambao mama zao hawana undugu na Jabali wengi wamevuka 2.6. Sikutaka kulikuza jambo hili, kwani wanne kati ya hao wadogo walizaliwa kiangazi majani yakiwa haba, na mama zao walikuwa wanazaa kwa mara ya kwanza. Kitoto mdogo peke yake hathibitishi kitu. Kinachonitia shaka ni kwamba wamo wadogo hata kwenye mabanda yanayolisha vizuri.

Tukakubaliana mambo mawili. Jabali anaondoka. Na kuanzia sasa hatupandishi jozi ambayo kitoto wake atazidi asilimia 6.25, yaani moja ya kumi na sita.

21 Aprili

Beberu wa kwanza tuliyemfikiria ni Komredi wa kikundi cha jirani. Mrefu, mama yake anatoa maziwa mengi, na hatulipi nauli. Nilitembea hadi kwao, nikakaribishwa uji, nikaomba daftari lao. Baba wa Komredi limeandikwa "beberu mweupe wa kukodi, 2021".

Beberu mweupe wa kukodi mwaka 2021 ni nani? Nikarudi kwenye stakabadhi zetu za kukodisha. Jabali alilala kwao wiki mbili Agosti mwaka ule, Komredi akazaliwa Januari uliofuata. Ni mtoto wa Jabali.

Kwa Mawingu hesabu ni hii: Komredi, Jabali, Mawingu, wanyama watatu, moja ya nane; kisha Komredi, Jabali, Tausi, Mawingu, wanyama wanne, moja ya kumi na sita. Jumla asilimia 18.75. Hata kwa mabinti wa kawaida wa Jabali ni asilimia 12.5, mara mbili ya mpaka wetu. Na juu ya hayo Komredi hana pembe, kwa hiyo mahuntha wangeendelea kuzaliwa.

Vikundi vingi hubadilishana mabeberu kila baada ya muda, na utaratibu ni mzuri, lakini kama mabeberu wote wa mzunguko ni watoto wa dume mmoja, basi mnazungusha damu ileile kwa majina tofauti. Anayekuuzia beberu muulize baba yake alitoka wapi, na usiridhike na jibu la "nje".

Nikiwa kwenye daftari lile nililigundua jingine kwetu. Kuna vitoto wawili ambao tumewaandika ni wa Jabali wakati siku walizotungwa Jabali alikuwa amekodishwa. Aliyewapandisha, kwa kila dalili, ni kadume ka miezi minne au mitano kalikokuwa bado kanaishi na mama yake na dada zake. Watu hudhani kadume kadogo hakajui kitu. Miezi minne kanaweza kupandisha na mimba ikatunga. Kuanzia sasa vidume vinatengwa au kuhasiwa vikitimiza miezi mitatu, nami nitazunguka na koleo la kuhasi kila mwisho wa mwezi.

19 Mei

Nimepata mabeberu wawili kwa mfugaji wa Arumeru ambaye anaandika kumbukumbu zake hadi inatia wivu. Faru ana miaka miwili, mkubwa, mama yake anatoa lita 3 kwa siku. Duma ana miezi kumi na mitano, mwembamba kidogo, mama yake lita 2.2. Wote wana pembe. Ukoo wao haugusi Mgeta kwa vizazi vitatu vilivyoandikwa.

Pembe zao ndizo kipimo cha kwanza, nacho hakina gharama. Mbuzi mwenye pembe zake mwenyewe hana hata nakala moja ya lile kosa. Anaweza kupanda jike yeyote wetu, mwenye pembe na asiye nazo, bila kuzaa huntha wa aina ya Kipusa. Na wasiopenda pembe hawapotezi kila kitu, kwa sababu jike asiye na pembe akipandwa na mwenye pembe, nusu ya vitoto hawatakuwa na pembe. Kanuni tuliyoandika mlangoni mwa banda ni kwamba kila jozi lazima iwe na angalau mmoja mwenye pembe.

Kuna maabara ya nje inayouza furushi zima la vipimo vya mbuzi, na mwenyekiti alitaka tulipie lote "tuwe na amani". Nilimzuia. Kipimo cha vinasaba kinaangalia mahali pamoja palipoagizwa na si kingine. Jibu "safi" linamaanisha safi kwa hapo tu. Mfano mzuri ni wa maziwa: mbuzi wa Norwe wanajulikana kuwa na kosa kwenye jeni ya mojawapo ya protini zinazogandisha maziwa, kiasi kwamba wengi wao hutoa maziwa mepesi yasiyofaa sana kwa jibini. Niliwaandikia maabara kuuliza kama kipimo chao cha protini hiyo kinatazama badiliko lile la Norwe. Wakajibu hapana, wanatazama mengine. Basi kwetu kingekuwa ni kununua karatasi. Na sisi tunauza maziwa mabichi, hatutengenezi jibini.

Kipimo kinachotuhusu ni G6S. Nililijua nilipomwona Faru: masikio yake yananing'inia na pua imepinda kama ya kasuku. Mama yake ana damu ya Anglo-Nubi, na mama wa Duma vivyo hivyo, ni dada. Kwenye Nubi kuna kosa la jeni ya kimeng'enya kiitwacho G6S. Mwenye nakala moja ni mzima, hutamtambua kwa macho kamwe. Mwenye nakala mbili anadumaa, misuli inakuwa dhaifu, anapoteza mwendo, na kwa kawaida hafi siku ya kwanza bali anaishi miezi au miaka kadhaa ukimlisha na kumtibu kwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wenyewe.

Mwenyekiti akasema: lakini sisi hatuna Nubi, kwa hiyo hata akiwa mbebaji vitoto hawataugua. Ni kweli kwa kizazi cha kwanza. Ila nusu ya mabinti zake watakuwa wabebaji, na kundi letu tumeshaona tabia yake. Siku mtu akipandisha kaka na dada wa baba mmoja, hapo ndipo Nubi atatukumbusha.

23 Juni

Sampuli zimekataliwa, na kosa ni langu. Wanataka nywele kama 30 kila mnyama. Mimi kwa haraka nilizikata kwa mkasi mgongoni, safi, zimepangwa vizuri kwenye bahasha. Vinasaba viko kwenye mzizi wa nywele. Ujiti wenyewe kwa kipimo hiki ni sawa na uzi.

Nimerudi Arumeru. Safari hii nilishika vishungi vidogo vidogo vya mkia, nikavivuta kwa mkupuo karibu na ngozi, nikavitazama juani: ncha ya kila unywele iwe na kidoti cheupe. Zisizo na kidoti nikazitupa. Bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu ukibaki ndani nywele zinaoza. Jina la mnyama na namba ya hereni ya sikio nje ya kila bahasha, na mikono nikanawa kati ya Faru na Duma. Kibali cha kusafirisha sampuli tulishakipata kwa daktari wa mifugo, hilo halikusumbua. Damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba nayo imechukuliwa, ingawa hilo si la ukoo.

Jabali ameuzwa sokoni Nyandira siku ya Alhamisi. Mzee wa banda la juu hakuja kumuaga.

11 Agosti

Majibu. Faru ana nakala moja ya G6S. Duma hana.

Kikao kilikuwa kirefu. Wengi walimtaka Faru, na sababu yao si ya kijinga, lita 3 ni lita 3. Mimi sikusema Faru ni mbovu. Kama angekuwa jike ningemchukua leo hii: jike anazaa wawili kwa mwaka, unawapima hao wawili, unabakisha aliye safi, na damu yake nzuri inaendelea bila lile kosa. Kumtupa kila mbebaji ni kujikata mguu, kwa sababu unatupa na maelfu ya jeni nyingine nzuri alizonazo, na kundi dogo linazidi kuwa dogo. Lakini beberu ni nusu ya kila kitoto kitakachozaliwa Mgeta mwaka ujao. Vitoto zaidi ya 40, nusu yao wabebaji, na fedha ya kuwapima wote hatuna. Tumemchukua Duma.

Mfugaji wa Arumeru alipoona majibu alishukuru na kuagiza vipimo vya majike yake. Nilikuwa naogopa kumpigia, nikidhani atakasirika.

Kikao kilitaka kuishia hapo, nikaomba dakika kumi. Duma peke yake anatuvusha kizazi kimoja, kisha tunarudi kuleee. Kundi la majike 30 na dume mmoja, kwa upande wa udugu, si kundi la 31. Zidisha nne kwa madume kwa majike, gawa kwa jumla yao: 4 × 1 × 30 ÷ 31, inakuja karibu 4. Kwa kasi ya kupoteza damu tofauti, sisi ni sawa na kundi la mbuzi wanne waliochanganyika sawasawa, na udugu unapanda kama asilimia 13 kila kizazi. Ukiwa na madume wanne kwa majike walewale, hesabu inakuja 14, na kasi inashuka hadi kama asilimia 3.5. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanashauri kundi kwa hesabu hii lisiwe chini ya 50, yaani asilimia 1 kwa kizazi. Hamsini hatutaifikia peke yetu, hatuwezi kufuga madume wengi kiasi hicho. Tunachoweza ni kuisogelea kwa kuungana na vikundi vingine vitatu, kila kimoja na beberu asiye ndugu wa mwenzake, wazunguke. Viwili vimekubali. Cha tatu ni kile cha Komredi, bado wanajadiliana.

20 Septemba

Mawingu ameonyesha joto leo: mkia unapepea, uke umevimba na mwekundu, hataki kula. Amepandishwa na Duma asubuhi na tena jioni. Nimeandika pande zote mbili za karatasi, baba nani, mama nani, babu nani, pembe ndiyo au hapana. Ukihesabu siku 150 ni tarehe 17 Februari.

Majike 22 yamepangwa kwa Duma. Manane yaliyobaki yanamsubiri beberu wa kikundi cha pili, ambaye ni mwenye pembe na hana damu ya Nubi, kwa hiyo kwake G6S hatukupima.

19 Februari 2025

Mawingu kazaa jana usiku, pacha, jike na dume, kilo 2.6 na 2.9. Nilifika mama yao bado anawalamba.

Kuna njia ya kujua pembe kabla hazijaota. Nikachovya kidole kwenye maji ya uvuguvugu, nikalowesha kichwa cha dume: juu ya kila jicho, pale pembe zinapotokea, nywele zimejizungusha kama maji yanayoingia tunduni, pande mbili. Huyo ataota pembe. Kwa jike nywele zimelala laini kuelekea mbele, hakuna mzunguko. Hana pembe, nakala moja kutoka kwa Mawingu. Nikainua mkia wake nikatazama kwa tochi ya simu, nikapapasa kwa kidole. Uke wa kawaida, mahali pake.

Huyu akikua atapandwa na mwenye pembe tu, nimeiandika kwenye hereni yake.

Watu wamezoea kuuliza Duma atakaa hadi lini, wanadhani hadi azeeke. Mabinti zake wa kwanza ndio hawa, na mtamba aliyenenepa anaweza kuonyesha joto akiwa na miezi mitano au sita. Mama zao watakuwa tayari kupandishwa tena Mei na Juni. Kwa hiyo Duma anamaliza zamu ya pili, kisha anaenda kwa kikundi kingine kwenye mzunguko. Nimeandika mlangoni kwa chaki: DUMA, MWISHO 31 JULAI. Mzee wa banda la juu ameisoma, akachukua chaki, akaongeza chini yake: "Na aje mwenye pembe."

Kikundi cha Komredi wamepiga simu jioni. Kwao kazaliwa huntha.